Watoto wa mama wanne katika tangazo moja la msiba

*Shikamoo Mzee. Baba yetu amefariki Bugando juzi. Msiba uko Nyakato na tunazika Magu Jumamosi. Mke wake wa kwanza yuko Nansio, alirudi kwao zamani. Ana watoto wanne, wakiwemo mapacha, ila kaka yetu mkubwa ameshafariki. Mama yangu, mke wa pili, ni marehemu, na sisi tuko watatu. Wa tatu ndiye wa ndoa ya kanisani: ana mapacha wawili wa baba, pamoja na kijana aliyekuja naye. Halafu kuna ndugu yetu wa Musoma, amezaliwa kati yangu na mdogo wangu, na mama yake hakuolewa. Kikao kimenipa kazi ya kuandika tangazo la redio na wasifu. Wa Nyakato wanataka waandikwe wao wa ndoa tu. Niandikeje?*

Marahaba, mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Nimepokea na kuhariri matangazo ya vifo kwa muda mrefu wa maisha yangu ya kazi hapa Mwanza, na ninaweza kukwambia tangu mwanzo kwamba ugumu wako hauko kwenye lugha. Maneno ya msiba yanajulikana. Ugumu uko kwenye swali la kila jina limesimama mbele ya nani, kwa sababu katika tangazo la baba, watoto husimama mbele ya baba yao na si mbele ya mama zao, na mwandishi akisahau hilo hata kwa sentensi moja, karatasi inageuka kuwa mashindano ya nyumba kwa nyumba.

Anza kwa kutenganisha maandishi mawili ambayo kikao kimekukabidhi kana kwamba ni kitu kimoja. Tangazo la redio lipo ili habari imfikie aliye mbali na apate muda wa kusafiri. Wasifu upo ili usomwe mbele ya waombolezaji na ueleze marehemu alikuwa nani na ameacha nani. La kwanza halihitaji orodha ya watoto hata kidogo, la pili haliwezi kuikwepa.

Katika redio, mgogoro huanzia mahali ambapo wengi hawapatazamii, yaani katika jina la anayetangaza. Mtindo wetu wa siku zote ni “Bwana fulani wa Nyakato anasikitika kutangaza kifo cha baba yake mpendwa”, na msikilizaji wa Nansio akisikia jina la mtoto wa nyumba ya mwisho limetangulia, anaelewa kwamba huyo ndiye aliyeshika msiba, na kesho ndiye atakayeshika mali. Kama baba yenu ana kaka au mdogo wake aliye hai, tangazo litoke kwa jina la huyo. Yeye hana nyumba anayoitetea, na hakuna mtoto atakayelalamika kwamba baba mkubwa au baba mdogo amemtangulia. Kama hayupo, tumieni “Familia ya Mzee fulani”, bila jina la mtoto yeyote.

Baada ya hapo huja maneno “habari ziwafikie”. Kwa kanuni, wanaotajwa hapo ni wale walio mbali ambao bado hawajapata taarifa, si hesabu ya watoto. Lakini wasikilizaji huyachukua kama hesabu, nasi hatuwezi kuwabadilisha masikio. Kwa hiyo mimi hufuata sheria moja tu: mkitaja mtoto mmoja kwa jina, watajeni wote, na kama hamuwezi kuwataja wote, msimtaje hata mmoja. Kwa kuwa redio hutoza kadiri ya urefu wa tangazo, na kwa kuwa majina kumi yaliyosomwa kwa haraka hayamsaidii mtu, njia nzuri zaidi ni kutaja mahali badala ya majina. Kwa msiba wenu lingesomeka hivi:

“Familia ya Mzee (jina) wa Nyakato, Mwanza, inasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao, Mzee (jina), kilichotokea katika Hospitali ya Bugando. Msiba uko nyumbani kwake Nyakato, na mazishi yatafanyika Jumamosi huko Magu. Habari ziwafikie watoto wake wote walioko Nansio, Musoma, Magu na Mwanza, pamoja na ndugu, jamaa na marafiki popote walipo.”

Neno “wote” hapo linafanya kazi kubwa. Ndugu yenu wa Musoma ameitwa bila kubishaniwa, na wa Nansio wamejua kwamba wanapaswa kupanda meli mapema badala ya kusubiri simu ambayo pengine kila mtu anadhani mwingine ameshaipiga. Ongezeni saa ya mazishi kama mmeshaipanga, maana mtu wa kisiwani hapangi safari kwa jina la siku peke yake.

Sasa tuje kwenye wasifu, ambako ndiko kwenye kazi hasa.

Kabla hujaandika sentensi yoyote, pata karatasi moja na umpe mtu mmoja wa kila nyumba ajaze watu wa nyumba yake kwa mkono wake: jina analotumia mtu huyo anakoishi, mwaka na mwezi wa kuzaliwa, anakoishi sasa, na kama yu hai au ni hayati. Usiwajazie wa Nansio kwa kumbukumbu zako za Magu. Nyumba ambayo haina mtu msibani ipigiwe simu, na anayepiga awe shangazi yenu au mzee mwingine wa ukoo, kwa sababu shangazi kwa kawaida ndiye aliyepelekewa kila mtoto kumwona. Mwezi wa kuzaliwa ninausisitiza kwa sababu katika familia ya nyumba zaidi ya moja si ajabu watoto wawili wakazaliwa mwaka mmoja, na hapo mwaka peke yake hautakupa mfuatano.

Kisha jumlisha mara mbili, kwa njia mbili tofauti. Kwanza kwa nyumba: Nansio wanne, ninyi watatu, Nyakato wawili, Musoma mmoja, jumla 10. Pili, kwa kuhesabu majina katika orodha uliyoipanga kwa umri. Hesabu mbili zisipolingana, karibu kila mara utakuta ama hayati amesahauliwa katika nyumba moja na kuhesabiwa katika nyingine, ama mtoto wa kulea ameingizwa katika idadi, ama mtu mmoja ameandikwa mara mbili kwa majina mawili. Kwenu kuna hatari ya nne iliyo ya kwetu kabisa. Mapacha huku Usukumani huitwa Kulwa na Doto, na kama nyumba zote mbili zenye mapacha zimefuata desturi hiyo, orodha yako itakuwa na Kulwa wawili na Doto wawili. Mchapaji au mshereheshaji akiona hivyo ataamini kwamba ni makosa ya kunakili na atafuta wawili, tena bila kukuuliza, na ghafla watoto 10 wamekuwa 8. Hali ni hiyo hiyo pale ambapo kila mama alimpa mtoto jina la babu mmoja. Andika jina na mahali, “Kulwa wa Nansio” na “Kulwa wa Nyakato”, au tumia jina la ubatizo pamoja na la pacha, lakini usiyaache yakiwa yamefanana.

Sasa mpangilio. Kuna njia mbili: kuwapanga watoto kwa mama, au kuwapanga wote kwa umri katika mfululizo mmoja. Najua familia nyingi hupenda ya kwanza kwa sababu inaonekana safi, na mahali ambapo wake wote waliishi kwa maelewano na kila nyumba ina watoto wengi, haina madhara. Kwenu ninaikataa. Ukipanga kwa mama, ndugu yenu wa Musoma atabaki peke yake mwishoni, chini ya kichwa ambacho hakuna mtu anayejua akiiteje, na kila atakayesoma atauliza kwa nini huyu ametengwa. Ukipanga kwa umri, anakaa mahali pake pa kuzaliwa, kati yako na mdogo wako, akiwa mtoto wa sita au wa saba wa baba yake, na msomaji hana sababu ya kusimama hapo. Miaka ya kuzaliwa usiichapishe. Umeikusanya ili upange, si ili waombolezaji wakae wakilinganisha tarehe na ndoa. Ninaelewa kwamba mahali hapo pa kuzaliwa panakugusa wewe na kumbukumbu ya mama yako kuliko panavyowagusa wa Nyakato. Hata hivyo mpangilio wa umri ndio unaoliacha jambo hilo bila kulitangaza.

Hayati kaka yenu mkubwa hatolewi kwenye mfululizo. Anaandikwa pale pale pa kwanza, jina lake likiwa limetanguliwa na neno “hayati”. Mkimwondoa, wanawe, ambao ni wajukuu wa marehemu, hawana jina lolote la kuwaunganisha na babu yao, na wataketi msibani kama wageni. Hapa ndipo vitenzi viwili vinapopaswa kutumika kwa uangalifu: baba yenu *alijaliwa* watoto 10, na *ameacha* watoto 9. Nimeona wasifu nyingi zikiandika “ameacha watoto” kisha kutoa idadi ya waliozaliwa, na mtu wa pili anayesoma majina anakuta pengo au anasoma jina la hayati kana kwamba yupo uwanjani.

Wajukuu na vitukuu usiwape idadi. Kila nyumba huhesabu kwa namna yake, wengine wakiingiza watoto wa mtoto wa kulea na wengine wakiwaacha, na hakuna muda wa kuwaandika mmoja mmoja kabla ya Jumamosi. “Wajukuu na vitukuu” inatosha.

Kijana aliyekuja na mama wa Nyakato apewe sentensi yake mwenyewe baada ya watoto, ikieleza kwamba marehemu alimlea. Asiingizwe katika 10, isipokuwa kama baba yenu alimuasili kwa amri ya mahakama, jambo ambalo lingekuwa na hati. Na neno “wa kambo” liache. Ni sahihi, ila katika karatasi inayosomwa kwa kipaza sauti huku mwenyewe amebeba jeneza, halina kazi.

Sasa akina mama, ambako makosa ya kisheria ni rahisi zaidi kuliko watu wanavyofikiri. Umesema mke wa kwanza “alirudi kwao zamani”. Hukusema kwamba kulikuwa na talaka. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ndoa haivunjwi na mke kurudi kwao, wala na miaka kupita. Mahakama ndiyo inayotoa amri ya talaka. Ndiyo maana mtu anapoandika kwenye wasifu “mtalaka wake” au “aliyekuwa mkewe”, anatamka hukumu ambayo pengine hakuna mahakama iliyowahi kuitoa. Vivyo hivyo, anayeandika “ameacha mjane mmoja” amehesabu wajane, na kwa kuhesabu amemkana mwingine. Kama kulikuwa na talaka ya mahakama na karatasi ipo, basi mama wa Nansio si mjane na hakuna la kubishana. Kama haipo, mwandishi wa wasifu hana mamlaka ya kuamua, na kikao nacho hakina. Andika mambo yanayojulikana na kila mtu, yaani nani aliishi na marehemu wapi, na uache vyeo visivyo na uhakika. Mama wa Nyakato anaweza kuitwa mjane, kwa sababu kumwita hivyo hakumkani mtu. Kinachokana ni neno “mmoja”.

Kuhusu mama wa Musoma, muulizeni mwenyewe kwa kupitia mwanawe. Wapo wanaotaka kutajwa, na wapo walioolewa kwingine ambao kutajwa kutawavurugia nyumba zao. Asipotaka, mtoto anatajwa bila mama. Ili hilo liwezekane bila kuacha alama, sentensi za akina mama na sentensi ya watoto zitenganishwe kwa nukta na zisiunganishwe kwa “ambao walimzalia”. Ukiandika kwamba aliishi na akina mama watatu waliomzalia watoto 10, umesema uongo kuhusu mmoja. Ukizitenganisha, kila sentensi inabaki ya kweli.

Kwa hiyo sehemu hiyo ya wasifu ingekuwa hivi, ukiweka majina kamili mahali pa herufi:

“Mzee alianza maisha ya ndoa akiwa na Bi. A. wa Nansio. Baadaye aliishi Magu na mkewe, hayati Bi. B., hadi Mungu alipomwita. Kisha alifunga ndoa takatifu na Bi. C., mjane wake, ambaye amemuuguza hadi siku ya mwisho.

“Mzee alijaliwa watoto 10, ambao kwa mfuatano wa kuzaliwa ni hayati (jina), (majina tisa yanayofuata). Aidha, alimlea (jina) tangu utotoni mwake. Ameacha watoto 9, wajukuu na vitukuu.”

Ni fupi, na ninapenda iwe fupi. Sifa za kila mama, kama mnataka kuzisema, ziwekwe mahali pengine katika historia ya maisha yake, kila moja katika kipindi chake: miaka ya Nansio, miaka ya Magu, miaka ya Nyakato.

Wa Nyakato wanaposema waandikwe wa ndoa tu, usibishane nao kuhusu nani ni wa ndoa. Ukikubali mada hiyo, utajikuta unatetea ndoa ya mama yako mbele ya watu waliokaa jikoni wakipika. Waambie mambo mawili. La kwanza, wasifu hautoi urithi na haunyimi. Mirathi itafunguliwa mahakamani baada ya mazishi, kwa kawaida mkiwa na muhtasari wa kikao cha ukoo na cheti cha kifo, na huko kila mwenye maslahi atasikilizwa, awe alisomwa kaburini au la. La pili, jina lililoachwa halipotei, bali linarudi likiwa na hasira. Mtoto aliyefutwa mbele ya umati ndiye anayekwenda mahakamani kuweka pingamizi dhidi ya msimamizi wa mirathi, hata kama alikuwa hana nia ya kudai chochote, na pingamizi moja linaweza kuzuia mgao wa wote, mapacha wa Nyakato wakiwemo. Hoja hii ya pili husikilizwa zaidi kuliko ya kwanza.

Kama ubishi ni kuhusu mmoja tu, yaani wa Musoma, na wapo wanaodai si damu ya baba, tazameni matendo ya marehemu mwenyewe. Je, alimleta Nyakato au Magu? Jina lake liko kwenye cheti cha kuzaliwa cha kijana huyo? Alimlipia ada? Shangazi anasemaje? Kama baba yenu alimtambua alipokuwa hai, watoto wake hawana nafasi ya kumkana kwa niaba yake siku ya mazishi. Kama kweli hakuna anayejua, vipimo vya vinasaba hupitia kwa Mkemia Mkuu wa Serikali na si jambo la siku tatu za msiba. Hapo tumieni maneno yasiyo na idadi wala majina kwa watoto wote, “ameacha mjane, watoto, wajukuu na vitukuu”, na iwe hivyo katika kila nakala. Ni wasifu uliopungua, lakini umempungukia kila mmoja sawasawa. Usikubali maelewano ya kuandika tisa kwa majina na kumwacha mmoja ndani ya maneno “na wengineo”. Hilo ni baya kuliko kumwacha kabisa, kwa sababu kila mtu atamtafuta ni nani.

Kanisani huenda katekista au mchungaji akaomba ndoa itajwe moja tu. Hilo linazungumzika: anaweza kusoma sentensi ya ndoa takatifu peke yake na kuacha zile mbili za kwanza zisomwe nyumbani. Orodha ya watoto isiguswe, na kusiwe na nakala mbili zenye watoto tofauti, kwa sababu zote mbili zitapigwa picha kwa simu kabla maziko hayajaisha, na zitalinganishwa.

Usiku wa kuamkia mazishi, kabla nakala hazijatolewa, mwombe baba mdogo, au mzee mwingine wa ukoo kama hayupo, asome orodha kwa sauti mbele ya wawakilishi wa nyumba zote, na kila mmoja aweke sahihi pembeni ya majina aliyoyaleta. Wa Nansio wasipokuwa wamefika, wasomewe kwa simu. Kisha mpe mshereheshaji karatasi hiyo hiyo iliyotiwa sahihi, na umweleze waziwazi kwamba wakati wa kuweka mashada atawaita “watoto wa marehemu” mara moja, wote pamoja, kwa mfuatano ulioandikwa. Washereheshaji wetu wana mazoea ya kuita “watoto wa mama mkubwa” kisha “watoto wa mama mdogo”, na kazi yako yote ya wiki hii inaweza kuvunjwa na mtu mwenye kipaza sauti ambaye hakuambiwa.